Profaili mbili za mafundi umeme, nyumba moja ya Kibaha: nani apewe kazi?

Dada yangu anajenga Kibaha. Ni nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko, choo na bafu ndani, na kibaraza kidogo mbele. Kuta zilikuwa zimesimama na bati limeshapanda alipoanza kutafuta fundi wa kufanya wayaringi. Mimi ni fundi umeme wa kiwandani, mwaka huu wa 19, ila niko Mwanza na likizo ilikuwa imeisha. Basi akanirushia profaili za mafundi wawili waliopendekezwa na majirani, na chini yake swali moja: "Kaka, nimpe yupi?"

Ya kwanza ilikuwa PDF ya kurasa 14, yenye rangi na nembo, picha 38, na orodha ndefu ya huduma: majumba, maghala, kamera za ulinzi, sola, fensi ya umeme. Ya pili haikuwa na jalada wala nembo. Ilikuja kwa WhatsApp: ukurasa mmoja wa maelezo, picha ya leseni, picha ya cheti cha VETA, cheti cha huduma ya kwanza, halafu albamu nne za picha, kila albamu ikiwa na jina la eneo na mwezi kazi ilipofanyika.

Dada alishampenda wa kwanza. Namwelewa, kwa sababu karatasi yake ilipendeza, na bei ya kazi ilikuwa shilingi 650,000 dhidi ya 900,000 za wa pili, vifaa kando. Nilimwomba jioni mbili nizisome, na nikazisoma kama ninavyosoma ripoti ya mkandarasi anayetaka kuingia kiwandani kwetu. Nayaandika hapa niliyoyaona, kwa faida ya anayetafuta fundi na ya fundi anayepanga profaili yake.

Leseni: jina la nani, daraja gani, hadi lini

Kwanza tutenganishe karatasi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Cheti cha VETA kinasema mtu huyu alifundishwa, akapimwa, akafaulu. Leseni ya EWURA inasema mtu huyu anaruhusiwa kufunga umeme wa kiwango fulani kwenye jengo la mtu. Fundi anaweza kuwa na cheti kizuri kabisa na asiwe na leseni. Profaili ikiandika "nina vyeti vyote" bila kutaja leseni, uliza palepale.

Leseni zimepangwa kwa madaraja. D ni la umeme wa njia moja, volti 230, ule unaoingia kwenye nyumba nyingi za kuishi. C linafika njia tatu ya msongo mdogo, volti 400. B na A ni za misongo mikubwa zaidi. Yapo na madaraja mengine, na masharti ya kila moja husomwa kwenye leseni yenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama daraja lake linatosha kazi yako, kwa sababu neno "ana leseni" peke yake halisemi anaruhusiwa kufika wapi.

Fundi wa kwanza aliweka leseni ya daraja C, kubwa kuliko iliyohitajika kwa nyumba ya dada. Lakini jina lililoandikwa pale lilikuwa la kampuni, na jina lake halikuonekana popote kwenye karatasi ile. Hilo peke yake si kosa. Kampuni yenye leseni huajiri mafundi, na kazi hufanyika kwa jina la kampuni. Inapokuwa hivyo utaona dalili zake: bei inakuja kwenye karatasi ya kampuni yenye muhuri, malipo yanaingia akaunti ya kampuni, na msimamizi mwenye leseni anafika saiti angalau kabla ya lipu na siku ya kupima. Nikampigia. Akanijibu kwa ukarimu, na kwa haraka kidogo: "Kaka, muhuri usikutie wasiwasi. Kazi nafanya mimi, mkubwa anagonga mwisho, TANESCO wanawasha."

Jibu hilo ndilo lililonisimamisha. Unapoomba kuunganishiwa umeme, hata ukiomba kwa simu kupitia NIKONEKT, lazima pawepo mkandarasi aliyesajiliwa anayekubali kwamba wayaringi ile ni yake na iko salama. Sahihi ile ina maana moja tu: nimeikagua, nimeipima. Mtu akigonga muhuri kwenye nyumba asiyowahi kukanyaga, hakuna aliyeikagua. Nyumba ikipata hitilafu miaka miwili baadaye, aliyefanya kazi hayumo kwenye karatasi, na aliyemo kwenye karatasi hajui hata mabomba yalipita wapi. Mtindo huu wa kuazimana mihuri umeenea mno, na unaniuma, kwa sababu unamnyima kazi fundi aliyehangaika hadi akapata leseni yake mwenyewe.

Fundi wa pili alikuwa na daraja D, kwa jina lake, na jina hilo lilifanana na la cheti cha VETA na la kitambulisho chake cha taifa alichomwonyesha dada saiti. EWURA wana orodha ya wenye leseni na wana ofisi za kanda, kwa hiyo kuhakiki namba ni kazi ya dakika chache. Nilimhakiki, namba ikawa yake.

Ila na kwake palikuwa na jambo. Leseni ilibakiza miezi saba. Kazi ya nyumba inakuja kwa awamu: mabomba na maboksi sasa, waya baada ya lipu, soketi na taa baada ya rangi, ndipo maombi ya umeme. Dada anajenga kadiri fedha inavyopatikana. Miezi saba ingeweza kwisha kabla ya sahihi ya mwisho, na hapo mwenye nyumba anajikuta ana wayaringi nzuri na fundi asiyeweza kuisainia. Nilimwambia wazi, naye akakubali kuanza kuhuisha mapema na kutuma picha ya leseni mpya kabla ya awamu ya waya. Tukaliandika kwenye makubaliano.

Neno kwa mafundi hapa. Usiweke nakala safi ya leseni yako mahali ambapo kila mtu anaweza kuipakua. Waazimaji wa mihuri hawakosi kazi ya kuifanyia. Andika namba, daraja na tarehe ya mwisho kwa maandishi, funika sahihi, na juu ya picha pitisha maneno yanayosema ni nakala ya kuonyesha tu. Mteja mwenye nia atakuomba ya asili saiti.

Usalama: cheti kimoja, simu moja

Hapa wa kwanza alimzidi wa pili kwa karatasi. Alikuwa na cheti cha mafunzo ya OSHA ya kufanya kazi kwenye urefu, cha mwaka uliotangulia, na picha moja inamwonyesha juu ya paa la ghala akiwa amevaa mkanda wa mwili mzima, kamba imefungwa kwenye chuma cha paa, kofia kichwani. Picha hiyo niliiamini, maana mkanda ulikuwa umekaza mapajani kama unavyotakiwa, na watu wanaovaa kwa ajili ya kamera huwa wanauacha ukining'inia. Kwa kazi ya paa refu ningemchukua yeye bila kusita.

Wa pili alikuwa na cheti cha huduma ya kwanza cha Msalaba Mwekundu, ila kilikuwa na miaka zaidi ya mitatu. Mikono husahau. Mtu aliyepigwa na umeme na moyo ukasimama anahitaji aliye karibu akate umeme kwanza bila kumgusa, kisha abonyeze kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mibonyezo 30 kwa pumzi 2. Hilo halifanywi vizuri na mtu anayelikumbuka nusu.

Lakini nyumba ya dada ni ya chini, na hatari yake kubwa ni fundi kugusa waya alioamini hauna umeme. Hatari hiyo haionekani kwenye cheti, kwa hiyo niliwapigia wote wawili na kuwauliza swali lilelile: "Fundi, nyumba ina umeme, unataka kubadilisha soketi ya chumbani. Unaanzaje?"

Wa kwanza: "Nazima breka, nachomeka testa, nikiona haiwaki naanza."

Wa pili akachukua muda kidogo. "Nazima mein, dibii, yaani boksi la breka, naifunga, ufunguo naweka mfukoni, maana watoto wa watu wanaweza kuwasha. Halafu mita naijaribu kwanza pale umeme unapoingilia kwenye mein, panabaki na umeme hata ukizima. Ikisoma, ndio naenda kwenye soketi. Napima layini na nyutro, layini na ethi, nyutro na ethi. Nikimaliza narudi kuijaribu mita tena palepale."

Tofauti ya majibu hayo mawili ni uhai wa mtu. Testa ya bisibisi inawasha kijitaa chake kwa kutumia mwili wako kama njia ya kwenda ardhini. Ukiwa umevaa ndala nene na umesimama juu ya ngazi ya mbao kavu, kijitaa kinaweza kufifia usikione mchana, na kijitaa kilichoungua kinafanana kabisa na waya usio na umeme. Kuijaribu mita kabla na baada ndiko kunakokuhakikishia kwamba ile sifuri uliyoiona ni ya waya na si ya kifaa kibovu. Na kupima nyutro na ethi kunakamata nyumba ambazo fundi aliyetangulia alibadilisha layini na nyutro.

Kwa hiyo ukisoma sehemu ya usalama kwenye profaili ya fundi, tazama cheti kinahusu hatari ipi, na kama hatari hiyo ndiyo iliyoko kwenye kazi yako. Kisha piga simu. Fundi aliyezoea kufanya hivyo kila siku atakusimulia hatua kwa hatua bila kutafuta maneno.

Kazi zilizokamilika: picha inayosema na picha isiyosema

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Katika picha 38 za fundi wa kwanza, nilihesabu 29 za vitu vilivyokwisha kabisa: taa zinazong'aa kwenye gipsamu, soketi mpya ukutani, dibii yenye mfuniko umefungwa. Zinavutia. Lakini ukuta uliokwisha rangi unazungumzia kazi ya mpaka rangi. Kazi ya fundi umeme imeshafukiwa.

Picha mbili zilinitia shaka zaidi. Zilionyesha soketi za matundu mawili ya mviringo yaliyozama ndani, za aina inayotumika Ulaya bara. Nyumba zetu zinafungwa soketi za pini tatu za bapa. Nilizipitisha kwenye Google Lens, na moja ikatokea kwenye tovuti ya duka la vifaa la nje. Sisemi kazi zake zote ni za kuokota. Ghala lile lilikuwa lake kweli, na alinipa namba ya meneja aliyethibitisha. Lakini picha mbili zikishakuwa za watu wengine, zile 36 zote inabidi uzithibitishe moja moja, na mteja hana muda huo. Fundi unayesoma hapa, kazi tatu zako mwenyewe zina uzito kuliko picha 40 ulizochanganya.

Albamu za fundi wa pili zilikuwa na picha sita mpaka nane kila moja, na zilifuata nyumba moja tangu kutindua ukuta hadi kuwashwa. Hazikuwa nzuri kwa macho. Nyingine zilipigwa jioni, kivuli chake mwenyewe kimeanguka kwenye ukuta. Lakini picha moja ilionyesha mabomba ukutani kabla ya lipu, na tepu imekunjuliwa kutoka sakafuni hadi kwenye boksi. Picha hiyo ni mali ya mwenye nyumba maisha yake yote. Siku atakapotaka kupigilia kabati la jikoni, ataifungua simu na kujua bomba limepita wapi. Na mabomba yalikuwa yamepanda wima moja kwa moja juu ya boksi. Fundi mvivu huyapitisha mshazari kufupisha njia, na ndiyo yanayotobolewa baadaye, kwa sababu hakuna anayeyategemea pale.

Kisha picha ya dibii ikiwa wazi, kabla ya mfuniko. Hii ndiyo ninayomwomba kila fundi aiweke, hata kama ataweka moja tu. Ukiikuza kwenye simu, unasoma namba za breka na unaona unene wa waya unaoingia. Breka kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya. Waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, ukiwa ndani ya bomba ukutani unabeba takriban ampea 14 hadi 17, kwa hiyo breka yake inakuwa ya 6 au 10. Ukiuwekea breka ya 32, waya utapata moto na kuyeyuka huku breka imetulia, kwa sababu kwake mzigo bado ni mdogo. Waya wa 2.5 wa soketi unapewa breka ya 20. Ukiona 2.5 kwenye breka ya 32, hesabu nyaya. Zikiwa mbili zinazoingia breka hiyohiyo, ni soketi za mzunguko: waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, unarudi palepale, na mzigo unagawanyika pande mbili. Ukiwa mmoja, pana kosa.

Na nililiona kosa hilo kwenye albamu yake ya tatu. Breka imeandikwa C32 usoni, waya mmoja wa 2.5 ukitoka chini yake, na lebo ya mkono inasema "soketi za nje". Nikaikata picha, nikaizungushia duara jekundu, nikamtumia bila neno. Baada ya kama dakika 20 akajibu: "Umeona vizuri, kaka. Breka aliinunua mteja, ya 20 ilikuwa imeisha dukani. Nilirudi wiki iliyofuata." Chini yake picha ya dibii ileile, breka ya 20 imekaa mahali pale, tarehe ya picha siku nane baada ya ile ya kwanza. Nilimwambia angengoja siku nane hizo bila kuwasha soketi za nje. Alikubali. Kusema kweli, jambo hilo lilimpandisha kwangu kuliko kama albamu ingekuwa haina doa.

Kitu cha mwisho kwenye albamu zake kilikuwa karatasi ya daftari iliyopigwa picha, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Kila njia ya umeme ina mstari wake, na namba pembeni. Hayo ni matokeo ya vipimo, na ndiyo yanayofanya kazi iliyokamilika iitwe imekamilika. Kipimo cha kwanza ni cha mega. Kifaa kinatuma volti 500 kati ya layini, nyutro na ethi, umeme ukiwa umezimwa na vifaa vyote vimechomolewa, kuona kama ngozi ya waya imechubuka popote. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, na waya mpya mzima husoma mamia. Cha pili ni ukinzani wa ethi, yaani ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Cha tatu ni breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha herufi T na maandishi 30 mA: ilikata kwa muda gani. Inatakiwa isizidi sekunde 0.3.

Hiki cha tatu nakisisitiza kwa sababu ya ardhi ya Pwani. Kibaha kuna kichanga, na kiangazi ardhi inakauka sana. Tuseme fimbo yako inasoma ohmu 20, namba ambayo si mbaya. Layini ikigusa bodi ya friji, mkondo unaokwenda ardhini ni volti 230 kugawa kwa 20, yaani ampea 11.5 tu. Breka ya 20 haitashtuka hata kidogo, na bodi ya friji itabaki na umeme ikimsubiri mtoto anayekuja kuchukua maji bila viatu. Breka ya uvujaji inakata kwa sehemu ndogo sana ya mkondo huo. Kwa hiyo picha ya fimbo ya ethi inayong'aa, ambayo fundi wa kwanza alikuwa nayo na ni nzuri, haitoshi bila namba yake na bila breka hiyo kwenye dibii. Kwenye dibii zake ambazo mfuniko ulikuwa umefungwa, sikuona kitufe cha T hata kimoja.

PDF au WhatsApp?

Mafundi huniuliza sana kuhusu hili, na jibu langu ni fupi. Ukiwafuata wenye ofisi, shule, hoteli, watu wa zabuni, PDF inahitajika, kwa sababu itachapishwa na kuwekwa kwenye faili, na hapo watakuuliza pia usajili wa CRB, bodi ya makandarasi. Ukiwafuata wajenzi wa nyumba zao, albamu kwenye WhatsApp inatosha na inafunguka kwa bando dogo. Usitegemee statasi: inapotea baada ya saa 24, na mteja anakutafuta miezi mitatu baadaye. Na katika njia zote mbili, usionyeshe geti, namba ya nyumba wala sura za watoto wa mteja. Picha ya dibii haihitaji kumwambia mwizi ilipo.

Nilivyoamua

Kwa nyumba, nilimwambia dada ampe wa pili. Tofauti ya shilingi 250,000 ilimuuma, na sikumlaumu. Nilimwonyesha kwamba bei ya wa kwanza haikuwa na vipimo ndani yake. Nilipomuuliza kuhusu mega alisema ataazima "ikibidi". Bei ya wa pili ilikuwa na siku nzima ya kupima na karatasi yake.

Masharti yalikuwa matatu: leseni mpya kabla ya awamu ya waya, mafunzo ya huduma ya kwanza yarudiwe, na malipo ya mwisho yatoke baada ya matokeo ya vipimo. Na tulimlipa nauli ya kurudi kabla ya lipu kupiga picha za mabomba ya kuta zote, chumba kwa chumba.

Kulikuwa na jambo la pembeni. Shemeji ana mpango wa kuweka mashine ya kusaga uani, ya njia tatu. Hiyo fundi wa pili hawezi kuifunga kwa daraja D, na mwenyewe alisema kabla sijamuuliza. "Hiyo mtafute wa C, shemeji, mimi nitawaachia bomba tupu la kupitishia." Kwa kazi hiyo, ile kampuni ya fundi wa kwanza inaweza kurudi mezani, endapo mwenye leseni atakuja saiti mwenyewe na bei ikaandikwa kwa jina la kampuni.

Siku ya kupima nilikuwa kwenye simu ya video. Taa, sawa. Soketi za sebuleni, sawa. Pampu, sawa. Alipofika soketi za vyumbani, mega ikasoma megaohmu 0.3. Dada akaniangalia kwenye simu, mimi nikamwangalia fundi. Hakusema neno, akaanza kutenganisha soketi moja moja, akipima kila kipande. Saa moja na nusu baadaye alikuwa chumba cha mwisho, ameshikilia simu yake mwenyewe, akilinganisha ukuta na picha aliyoipiga kabla ya lipu. Fundi wa gipsamu alikuwa amepigilia msumari wa kushikia fremu sentimita chache kutoka kwenye kona, juu kabisa ya bomba. Akaung'oa, akavuta waya mpya, akapima tena. Zaidi ya 200.

Wiki hiyo aliongeza albamu ya tano kwenye profaili yake. Ina jina la Kibaha na mwezi, mabomba yenye tepu, dibii ikiwa wazi, na karatasi ya daftari yenye mistari yote. Kwenye mstari wa vyumbani ameacha 0.3 palepale, amepitisha mstari mmoja juu yake, pembeni ameandika "msumari, chumba cha 3", halafu namba ya pili. Na picha ya mwisho ni ya huo msumari, umewekwa kwenye kiganja chake.